Somo: Potasiamu iliyozidi, ikumbuke kwa neno KITI

Leo tunashika potasiamu iliyopanda tu, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wengi kwenye mtihani wa leseni. Maswali yake hayaulizi kama dawa unazijua. Yanauliza ipi inatangulia.

Kiwango cha kawaida kwenye damu ni 3.5 hadi 5.0 mmol/L. Potasiamu karibu yote ya mwili, kama asilimia 98, imo ndani ya seli, na figo ndizo zinazotoa ziada. Kwa hiyo ikipanda, jiulize: figo zimeshindwa kuitoa, au seli zimeimwaga nje?

Tuchukue kisa. Mgonjwa wa miaka 52 mwenye figo zilizofeli amekosa kusafishwa damu mara mbili. Analalamika miguu imelegea. Potasiamu ni 7.2. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo, wimbi T limechongoka kama hema, wimbi P halionekani vizuri, na QRS imeanza kutanuka. Uchaguzi ni huu: insulini na glukosi, kalsiamu glukonati, dawa ya kunasa potasiamu tumboni, au kumwandaa kusafishwa damu. Zote ni sahihi, na hapo ndipo mtego ulipo. Mimi mwenyewe kwenye majaribio nilichagua kusafishwa damu, nikijua ndiyo tiba hasa. Nikakosa, maana mgonjwa angekufa mashine ikiandaliwa.

Sasa keti kwenye KITI, miguu minne kwa mpangilio wake.

K ni Kalsiamu. Mililita 10 za kalsiamu glukonati ya asilimia 10 huingizwa kwenye mshipa polepole, dakika 3 hadi 5, huku macho yako yakiwa kwenye monita. Haishushi potasiamu hata kidogo. Inautuliza msuli wa moyo usiruke mdundo. Huanza kazi ndani ya dakika chache na huisha baada ya kama dakika 30 hadi 60. QRS isiposinyaa ndani ya dakika 5, dozi hurudiwa.

I ni Insulini. Uniti 10 za insulini ya kawaida kwenye mshipa, pamoja na gramu 25 za glukosi. Insulini inairudisha potasiamu ndani ya seli. Glukosi ipo kumlinda mgonjwa sukari isianguke. Salbutamoli ya kuvuta kwa nebulaiza husaidia kazi hiyo hiyo. Lakini potasiamu bado imo mwilini, imejificha tu.

T ni Toa. Hapa ndipo inapoondoka kweli: kwa mkojo ikiwa figo bado zinafanya kazi, kwa choo kupitia dawa za kunasa, au kwa kusafishwa damu. Mgonjwa wetu hana mkojo wa maana, basi ni mashine.

I ya mwisho ni Imeshuka? Pima tena. Insulini ikiisha nguvu baada ya saa 4 hadi 6, potasiamu huchungulia tena. Sukari nayo ipimwe kila saa, hasa kwa mgonjwa wa figo, kwa kuwa insulini hukaa mwilini mwake muda mrefu zaidi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Swali likisema potasiamu ni 6.8 lakini mgonjwa hana dalili na mawimbi ya moyo ni ya kawaida, bado naanza na K?*

Marahaba. Angalia kwanza damu ilichukuliwaje. Kamba ikifungwa muda mrefu, mgonjwa akikunja ngumi mara nyingi, au chembe zikipasuka ndani ya chupa, potasiamu humwagika kwenye sampuli na kukudanganya. Mtu mwenye figo nzima na asiye na dalili, jibu huwa ni kurudia kipimo. Ila umeme wa moyo ukiwa umebadilika, usisubiri maabara.

*Na kama sukari ya mgonjwa tayari ni 18 mmol/L, glukosi ya nini?*

Swali zuri. Ikishapita 14 hivi, insulini inaweza kutolewa bila glukosi. Kupima kila saa kunabaki pale pale.

*Kuna mwenzangu alisema kalsiamu na bikaboneti zinaweza kupita njia moja kuokoa muda.*

Hapana. Zikikutana huganda kuwa chembe nyeupe ndani ya mrija. Tumia njia nyingine, au safisha mrija vizuri kwanza. Na ukiwa hapo, kumbuka mshipa uwe imara: kalsiamu ikivuja nje ya mshipa huchoma nyama. Mgonjwa akisema mkono unaungua, simamisha kabla hujaangalia chochote kingine.