Somo: Kupima seli za laptopu kabla ya kuzitumia kuhifadhi umeme nyumbani

Ndani ya betri nyingi za laptopu za zamani mna seli za lithiamu za namba 18650, yaani zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Wengi huzipima uwezo tu kisha wakaziunga, ilhali seli yenye uwezo mzuri yaweza kuwa inavuja chaji ndani kwa ndani, na hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Hatua ya 1. Fungua kasha kwa kifaa cha plastiki, usitoboe wala kukunja seli, na uzibe ncha kwa utepe mara unapoitenganisha, kwa kuwa vipande vya nikeli vikigusana hupiga shoti. Seli iliyovimba, iliyoingia kutu au iliyo chini ya volti 2 usiichaji.

Hatua ya 2. Ichaji hadi volti 4.2 juu ya sehemu isiyoshika moto, nawe ukiwepo. Ikipata joto la kuonekana wazi kwa mkondo wa ampea 0.5, iondoe.

Hatua ya 3. Iache ipumzike saa moja, kisha itoe chaji kwa ampea 0.5 hadi volti 3.0. Tuseme seli imeandikwa 2600 mAh, nayo imechukua saa 4 na dakika 12, yaani saa 4.2: ampea 0.5 mara 4.2 ni 2100 mAh, karibu asilimia 81 ya uwezo wa awali. Mimi hukubali kuanzia asilimia 80.

Hatua ya 4. Ichaji tena, ipumzishe siku moja, andika volti zake, kisha iweke kando wiki mbili bila kuiunganisha na chochote. Iliyoshuka kutoka 4.18 hadi 4.16 inafaa, iliyofika 4.05 ikatae hata kama uwezo wake ni mkubwa, kwa sababu ikiungwa sambamba na nyingine itazinyonya zote, na chaji hiyo itageuka joto ndani yake. Kila seli inayobaki iwekewe fyuzi yake, na betri nzima iwe na saketi ya ulinzi.

Maswali ya wanachama

*Nina seli zilizokaa kwenye volti 1.2 kwa muda mrefu, lakini bado zinapokea chaji. Nizitumie?*

Hapana, ndugu. Seli ikikaa chini hivyo, shaba iliyo ndani huyeyuka, na unapoichaji hujijenga upya mahali pasipostahili na kusababisha shoti ya ndani, ambayo huenda isijitokeze siku ya kwanza.

*Je, moduli za gari la umeme nazo tuzibomoe seli mojamoja?*

Usizibomoe. Pima moduli nzima huku ukifuatilia volti za kila kundi la seli, na usimamishe jaribio pale kundi la kwanza linapofika kikomo cha chini, kwani kundi hilo dhaifu ndilo linaloamua uwezo wa moduli. Kuitoa moduli kwenye gari mwachie fundi aliyefunzwa kazi hiyo, maana betri kamili ya gari mara nyingi huwa na volti zipatazo 400 za mkondo mnyoofu, ambazo huua.