Gesti ya Moshi: masika yakipunguza wageni asilimia 10, faida hupungua asilimia 40

Chukua gesti ya Moshi inayotoza 60,000 kwa usiku. Chai ya asubuhi, dobi na sabuni ni 15,000, hivyo kila usiku unaacha 45,000. Pango, mishahara, mlinzi na riba ya mkopo ni 6,750,000 kwa mwezi, mgeni aje asije. Gawanya kwa 45,000: unahitaji kuuza siku-chumba 150 kurudisha gharama; chumba kimoja kwa usiku mmoja ni siku-chumba moja.

Ukiuza 200, faida ni 2,250,000. Nafasi yako ya usalama, yaani mauzo unayoweza kupoteza kabla ya kuingia hasara, ni 50 kati ya 200, sawa na asilimia 25. Sasa gawa 100 kwa 25, unapata 4: kila asilimia moja ya wageni inayopotea inaondoka na asilimia nne za faida. Masika yakikupunguzia wageni asilimia 10, unauza 180 na faida inabaki 1,350,000. Imeshuka asilimia 40, maana pango halijui mvua. Wageni wakiongezeka, faida nayo hupanda kwa kasi hiyohiyo.

Ila hiyo 4 usiikariri. Ukiwa kwenye 180 tayari imekuwa 6, kwa hiyo piga hesabu upya kila mwezi.

Wengi hukosea hapa: wanapunguza bei kwa asilimia 10 ili wasipoteze wageni. Kwa siku-chumba 200, punguzo hilo la 6,000 linakula 1,200,000, wakati kupoteza wageni 20 kungekugharimu 900,000 tu. Afadhali kuzungumza na mwenye nyumba, pango lishuke miezi ya Aprili na Mei.