Kabla ya kumnunulia chakula mgonjwa wa presha, geuza pakiti

Mgonjwa wa presha anaweza kuacha kabisa kunyunyiza chumvi mezani na bado akala chumvi nyingi kupita kiasi, kwa sababu sehemu kubwa ilishatiwa kiwandani. Kwa hiyo kazi ya kumpunguzia chumvi inaanzia dukani, kabla hujalipa.

Kwanza, ujue kiwango chake cha siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi, takriban kijiko kimoja cha chai, na hicho ni pamoja na iliyo ndani ya mkate, jibini na vya kopo. Kama daktari wake amempangia kiwango kingine, fuata hicho.

Lebo nyingi hazitaji chumvi, zinataja sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha. Gramu 5 za chumvi zina sodiamu ya miligramu 2,000 hivi. Ukitaka kujua chumvi, zidisha sodiamu mara 2.5. Hapa wengi hukosea: pakiti moja imeandika chumvi gramu 1.2, nyingine sodiamu gramu 0.6, wanachukua ya pili wakidhani ni nafuu. Ukizidisha, ya pili ina chumvi gramu 1.5. Usilinganishe kabla hujazigeuza zote kuwa kipimo kimoja.

Kisha tazama safu ya gramu 100, si ile ya mlo mmoja. Kiasi cha mlo mmoja hupangwa na mtengenezaji, na mara nyingi ni kidogo kuliko anachokula mtu kweli. Tuchukue mfano wa pakiti ya tambi za kupika haraka. Lebo inasema mlo mmoja una sodiamu miligramu 850, namba isiyotisha sana. Ukisoma juu yake, kwa maandishi madogo, unakuta pakiti ina milo miwili. Nani hula nusu pakiti? Akiimaliza, amepata miligramu 1,700, yaani chumvi gramu 4.25. Zimebaki gramu 0.75 tu kwa siku nzima. Kwa tambi hizi, chumvi nyingi imo kwenye kile kipakiti cha viungo, kwa hiyo ukitia nusu yake au ukikiacha kabisa na kuunga kwa kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, umepunguza sana.

Mipaka ninayoitumia ni ile ya lebo za Uingereza: sodiamu isiyozidi miligramu 120 kwa gramu 100 ni kidogo, ikizidi 600 ni nyingi. Katikati, angalia ataila kiasi gani na mara ngapi. Mkate ndio mfano mzuri. Hauna ladha ya chumvi, lakini huliwa kila siku. Wenye sodiamu miligramu 450 kwa gramu 100, kwa vipande vinne vya gramu 40, unampa miligramu 720, zaidi ya theluthi ya siku. Ulimi hauwezi kukuonyesha hilo.

Baada ya namba, soma orodha ya viambato. Hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito, hivyo chumvi ikiwa ya pili au ya tatu, rudisha. Sodiamu pia hujificha kwa majina mengine: magadi ya kuumulia (E500), kiongeza ladha cha monosodiamu glutameti (E621), na nitriti ya sodiamu (E250) iliyo kwenye soseji na nyama za kusindika. Chumvi ya bahari na ile ya waridi ni chumvi vilevile.

Maneno ya mbele ya pakiti yasikutoshe. “Chumvi imepunguzwa” maana yake imepungua kuliko ya kawaida ya bidhaa ileile. Mchuzi wa soya uliopunguzwa bado ni wa chumvi nyingi. Maharage ya kopo, kama hukupata yasiyotiwa chumvi, mwaga maji yake na uyasuuze vizuri. Sodiamu kiasi itaondoka.

La mwisho nalisisitiza kuliko yote. Kuna chumvi mbadala ambazo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa kloridi ya potasiamu. Huwafaa baadhi ya watu, lakini mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha kama enalapril, losartan au spironolactone, potasiamu inaweza kumrundikia mwilini hadi ikavuruga mapigo ya moyo. Ukiona potasiamu kwenye lebo ya chumvi, usiinunue kabla ya kumuuliza daktari au mfamasia wake, na umtajie dawa zote anazotumia.