Divai nyekundu kwenye kitambaa cha meza: chumvi kwanza, maji baadaye

Jumamosi, binti ninayefua naye kwenye nyumba ya wageni hapa Bagamoyo alinijia na kitambaa cheupe cha pamba. Gilasi nzima ya divai ya Dodoma ilikuwa imemwagikia pale. "Dada, nimetia maji, nikaweka na chumvi, mbona haivuti?" Haivuti kwa sababu ilishashiba maji.

1. Kausha kwa kubonyeza na kitambaa kingine cheupe, kikavu. Usisugue.

2. Chumvi, doa likiwa bado bichi. Hapa ndipo niliwahi kupoteza mchana mzima. Chumvi haiui rangi, kazi yake ni kunywa majimaji, na rangi inapanda pamoja nayo. Kwa hiyo yenyewe iwe kavu, na divai iwe bado inalowesha. Mimi nilichota chumvi ya Nunge, ya mawe, iliyolala jikoni kwenye kopo lisilo na mfuniko. Kwa unyevu wetu huu wa pwani ilikuwa imeshalowa, nikairundika juu ya doa, nikangoja mpaka alasiri. Doa likakauka chini yake, jekundu vilevile. Siku hizi naikaanga kavu kwenye sufuria dakika chache, naiacha ipoe, naisaga iwe laini. Funika doa lote, unene kama wa kidole. Ikigeuka ya waridi, ikung'ute uweke nyingine. Mzunguko wa pili ukibaki mweupe, acha, chumvi imemaliza kazi yake. Kama divai imeshakauka, au umeshatia maji, ruka hatua hii.

3. Geuza kitambaa, upande wa nyuma uwe juu, ufungulie bomba la maji baridi katikati ya doa. Rangi itoke ilikoingilia, isisukumwe ndani zaidi. Endelea mpaka maji yanayotoka yawe meupe.

4. Sabuni ya maji ya vyombo, kidogo, kisha suuza. Ukitumia sabuni ya mche doa litageuka bluu au kijivu. Usishtuke, rangi ya zabibu hubadilika ikikutana na magadi ya sabuni. Lakini mimi siipendi hapa, maana hujui tena kama doa linapungua au limebadilika sura tu.

5. Likibaki, na kitambaa ni cheupe: haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, vijiko viwili kwa kimoja cha sabuni ya vyombo. Jaribu kwanza kwenye pindo. Paka, acha nusu saa, suuza. Usiichanganye na siki wala dawa ya klorini.

Usipige pasi mpaka ukiangalie mchana, kikiwa kikavu. Moto wa pasi hulikaza doa lililobaki.

Cha yule binti tulikipeleka moja kwa moja hatua ya tatu, kisha ya nne na ya tano mara mbili. Kimebaki kivuli cha manjano karibu na pindo, tumekipeleka meza ya pembeni.