Jeraha la nusu ya uti wa mgongo: jinsi ya kumpima mgonjwa ambaye mguu mmoja haujongei na mwingine hausikii pini

Kijana wa miaka 24 aliletwa wodini usiku akiwa amechomwa kisu mgongoni, kulia kidogo mwa mstari wa katikati, juu kidogo ya usawa wa ncha ya chini ya mfupa wa bega. Alilalamikia jambo moja tu, kwamba mguu wake wa kulia umekufa. Alipoulizwa kuhusu wa kushoto alijibu, "Huo mzima, daktari." Hakuwa anasema uongo, kwa sababu mguu ule aliweza kuuinua na kuukunja apendavyo, lakini ndio uliokuwa umepoteza maumivu, na mgonjwa wa aina hii kwa kawaida hajui hilo mpaka mtu amchome pini. Nitamtumia yeye kuonyesha namna ninavyopima, nikiwa nimebadilisha mambo machache ili asitambulike.

Hatua ya kwanza hufanyika kwenye karatasi kabla ya kumgusa mgonjwa. Chora uti wa neva, yaani ule ugwe laini unaopita ndani ya pingili za mgongo, kisha chora juu yake njia tatu. Njia ya kwanza hushuka kutoka ubongoni ikibeba amri za kujongea. Huvuka upande kule juu, mwishoni mwa shina la ubongo, na baada ya hapo hushuka upande uleule wa misuli inayoitumikia. Njia ya pili hupanda ikibeba mtetemo na habari ya mahali viungo vilipo, nayo hupanda upande wake bila kuvuka mpaka ifike kwenye shina la ubongo. Njia ya tatu, ya maumivu na ya joto na baridi, ndiyo yenye tabia tofauti, kwa kuwa huvuka mapema ndani ya uti wenyewe, baada ya kupanda sehemu moja au mbili tu. Kwa hiyo kisu kikikata nusu ya kulia, kinakata amri na mtetemo wa mguu wa kulia pamoja na maumivu ya mguu wa kushoto ambayo tayari yameshavuka. Aliyeonyesha jambo hili kwa kukata nusu ya uti wa wanyama ni Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis, Morisi, mwaka 1817, na hali hii bado inaitwa kwa jina lake.

Hatua ya pili ni nguvu. Mwambie mgonjwa akunje nyonga, anyooshe goti, na ainue unyayo, mguu mmoja baada ya mwingine, ukiandika alama kutoka 0 hadi 5. Kijana wetu alipata 1 kulia, yaani misuli ilitikisika kidogo bila kuujongeza mguu, na kushoto alipata 5. Mguu wa kulia ulikuwa umelegea, na goti halikuruka lilipogongwa nyundo. Hapa wengi hukosea wakidhani kwamba mizizi ya neva za mguu ndiyo iliyokatwa. Katika siku za mwanzo uti uliojeruhiwa huzimika chini ya jeraha, na ukakamavu, goti linalorukaruka na kidole gumba kinachoinuka unyayo unapokwaruzwa huja baadaye, mara nyingi baada ya majuma kadhaa.

Hatua ya tatu ndiyo inayohitaji subira. Tumia pini safi ambayo utaitupa baada ya mgonjwa huyo mmoja, na kwanza mwonyeshe ukali wake usoni ili ajue kitu anachokilinganisha. Kisha mwambie afumbe macho na ajibu "kali" au "butu." Usimwulize "Unasikia?" kwa sababu atasema anasikia hata pale anapohisi mguso mtupu. Anza mguuni ukipanda, yaani kutoka pasipohisi kwenda panapohisi, kwa kuwa mpaka huonekana wazi zaidi kwa mwelekeo huo. Upande wa kushoto, kijana huyu alijibu "butu" kuanzia vidoleni hadi usawa wa kitovu, na juu kidogo ya hapo akashtuka: "Kali!" Mguu wa kulia, uleule uliokufa, ulisikia pini kila mahali.

Baada ya pini niliipitisha pamba, naye akaihisi miguu yote miwili. Matokeo haya huwachanganya wanafunzi, lakini mguso mwepesi hubebwa na njia zaidi ya moja, pande zote mbili za uti, na ndiyo maana pamba peke yake haiwezi kukuonyesha jeraha la nusu.

Hatua ya nne ni fupi. Shika kidole gumba cha mguu kwa pembeni, kiinue au kishushe kidogo, na umwulize mgonjwa kimeelekea wapi. Kulia alibahatisha, kushoto alijibu sahihi kila mara. Uma wa kupimia mtetemo, ule wa Hz 128, ukiwekwa kwenye kifundo cha mguu ulitoa jibu hilohilo.

Sasa tafuta mahali palipokatwa. Kitovu ni eneo la T10, yaani la sehemu ya kumi ya uti katika eneo la kifua, na asiyejua ataandika kwamba jeraha liko T10. Lakini maumivu yaliyopotea kushoto yalivuka baada ya kupanda kidogo, hivyo jeraha lenyewe liko juu zaidi. Nilirudi upande wa kulia wa tumbo, nikapata mkanda mwembamba katikati ya kitovu na ncha ya mfupa wa kifua ambao haukuhisi pini wala pamba, kwa sababu hapo neva zinazoingia kwenye uti zilikutana na kisu chenyewe. Huo ni usawa wa T8. Uti wa mtu mzima ni mfupi kuliko mfereji wa pingili, na katika eneo hili sehemu ya T8 ya uti hukaa karibu na pingili ya T6, nayo ndiyo iliyokuwa chini ya jeraha la ngozi.

Mchoro safi kama huu si wa kawaida. Kisu hakipimi katikati, na uvimbe hugusa nusu ya pili, kwa hiyo udhaifu kidogo wa mguu wa kushoto usingeondoa utambuzi huu. Lakini nguvu na maumivu vikipotea upande mmoja, pamoja na uso, tafuta tatizo ubongoni. Kisu kikiwa bado kimo mwilini usikichomoe wodini, na usimpeleke mgonjwa kwenye MRI kabla eksrei haijaonyesha kama ncha ya chuma imebaki ndani. Weka mpira wa mkojo kibofu kikijaa, na urudie vipimo vyote kila baada ya saa chache. Mguu uliokuwa na nguvu ukianza kudhoofika, daktari wa upasuaji aitwe usiku huohuo.

Baada ya majuma sita kijana alitembea kwa mkongojo, jambo lisilo la ajabu kwa kuwa jeraha la namna hii hupona vizuri kuliko majeraha mengi ya uti. Alirudi kliniki akiwa na malengelenge mguu wa kushoto. Mama yake alikuwa akimkanda kwa maji ya moto miguu yote miwili, na kila aliposhika wa kulia kijana alilalamika, hivyo akawa anautunza kwa uangalifu. Wa kushoto haukulalamika. Nilimwomba mama ayapime maji kwa kiwiko chake mwenyewe kabla ya kukanda, na kijana akae jiko likiwa upande wake wa kulia.