Namna ya kujibu salamu za pole kwenye posti ya msiba, kila mtu ajue umemsoma

Mama yetu alipofariki Tabora, niliweka picha yake Facebook pamoja na maneno manne. Siku ya tatu kulikuwa na komenti 214. Nikaandika "Asante sana, Mungu akubariki", nikainakili, nikaanza kuibandika chini ya kila jina. Nilikuwa nimefika kama 80 hivi shangazi aliponipigia simu. Hakugomba. Aliniuliza tu kwa upole, "Mwanangu, mimi na yule muuza vitenge wa huko mjini kwenu tumekupa pole moja?" Nikafungua posti nikaisoma kwa macho yake. Majibu yangu yalikuwa yamejipanga chini ya majina ya watu kama mhuri. Nikayafuta yote, nikaanza upya. Tangu hapo ndugu wakifiwa hunipa simu zao nikae nao tujibu pamoja, na hivi ndivyo tunavyofanya.

Hatua ya 1: Usijibu kabla ya kuzika

Kabla ya mazishi watu wanauliza mambo ya safari: mwili unatoka wapi, maziko saa ngapi, msiba uko nyumba gani. Hayo yaandike ndani ya posti yenyewe kwa kuihariri, kisha ongeza mstari mmoja: "Pole zenu tunazisoma, tutawajibu tukishampumzisha mama." Hakuna atakayekulaumu kwa kunyamaza. Mama alizikwa siku ya pili baada ya adhuhuri, nami nikaanza kujibu nilipokuwa nimelala walau usiku mmoja. Anayejibu akiwa hajalala ndiye anayenakili.

Hatua ya 2: Soma zote kwanza

Facebook mara nyingi hukuonyesha baadhi ya komenti tu. Juu ya komenti kuna sehemu iliyoandikwa `Most relevant`. Ibonyeze uchague `All comments`, la sivyo kuna watu hutawaona kabisa, na hao ndio watakaosema uliwaruka. Soma mpaka mwisho bila kujibu hata moja. Chukua karatasi, andika majina ya waliosimulia jambo kuhusu marehemu, waliouliza swali, na waliotaja msiba wao wenyewe. Kwangu walikuwa 31 kati ya wale 214. Hao ndio watakaochukua muda wako mwingi.

Hatua ya 3: Jibu neno lililosemwa

Wengi hudhani jibu fupi la mazoea ndilo linaloonekana la kuiga. Si kweli. Lugha yetu ina majibu yake ya msiba, na yakikaa mahali pake hayachuji hata yakirudiwa mara mia. Yanaharibika pale yanapotoka nje ya kilichosemwa.

Mtu akiandika "Poleni sana", mwambie "Asante, tumeshapoa". Kakupa wingi kwa sababu anaipa pole familia nzima, basi nawe jibu kwa wingi. Akiomba dua, "Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi", jibu lake ni "Amina". "Asante" peke yake hapo inapwaya, maana yeye alikuwa anazungumza na Mungu na anangoja umwitikie. Ukitaka kuongeza, mrudishie dua: "Amina, na wenu waliotangulia." Mwislamu aliyeandika "Allah amghufirie" muitikie "Amin", kwa namna anayoitamka yeye.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun" ndiyo inayowakosesha wengi. Watu huandika "Amin" chini yake, ilhali ile si dua, ni kauli: sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mimi hujibu, "Kwake tutarejea sote. Shukrani, mama mdogo." Na Mkristo akiandika "Bwana alitoa na Bwana ametwaa", maneno ya Ayubu, mmalizie: "Jina la Bwana libarikiwe." Amekuachia nusu ya pili uiseme wewe.

Kisha mwite kwa jina mnaloitana nyumbani. Shangazi ni shangazi, hata kama Facebook inamwonyesha kwa majina matatu. Aliyekufundisha darasa la nne ni mwalimu mpaka leo. Neno hilo moja tu linatosha kuonyesha kwamba jibu halikunakiliwa na kubandikwa.

Hatua ya 4: Waliosimulia

Hapa usiharakishe. Mama alikuwa akiuza uji karibu na stesheni. Kijana mmoja, sasa ni baba wa watoto, aliandika hivi:

"Pole sana dada. Mwaka 1998 mama alinikopesha uji muhula mzima, hakuwahi kunidai. Nitamkumbuka daima."

Mara ya kwanza nilikuwa nimembandikia "Asante sana, Mungu akubariki". Mtu amekuletea muhula mzima wa maisha yake, nawe umempa kile ulichompa kila mpita njia. Nilipoandika upya, ikawa:

"Kaka yangu, asante. Daftari lake la mikopo tumelikuta chini ya godoro, limejaa majina na hakuna lililokatwa. Hili lako la uji nimemsomea baba, akaomba nirudie."

Ndani yake mna mambo matatu: nimemwita, nimegusa kitu alichokitaja yeye (uji na deni), nikampa kitu ambacho hakuwa nacho (daftari, na baba). Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Si lazima liwe kubwa. "Sikuijua hiyo" inatosha, kama kweli hukuijua. Usibuni. Kama huna la kuongeza, muulize: "Ulikuwa unakaa upande gani wa mji?" Siku ile ile wateja wengine wawili wa uji walijitokeza chini ya komenti yake, wakaanza kukumbushana.

Aliyetaja msiba wake, "Nami nilimpoteza baba mwezi uliopita", usimshukuru kabla hujampa pole. Pole yake inatangulia asante yako.

Anayeandika "Kazi ya Mungu haina makosa" chini ya picha ya mtoto aliyefariki anaweza kukuchoma bila kukusudia. Usibishane naye. "Asante kwa kuwa nasi" inatosha, upite.

Hatua ya 5: Acha mkono ukichoka

Mimi siwezi kuzidi 20 kwa mkao mmoja. Nikiona sentensi ile ile imejiandika mara ya tatu, naweka simu chini. Njia ya kujipima ni rahisi: funika komenti kwa kidole, soma jibu lako peke yake. Kama ungeweza kulihamishia kwa mtu mwingine yeyote bila kubadilisha neno, na si "Amina" wala "tumeshapoa", basi lifute. Zaidi ya hapo, kubandika jibu lile lile haraka haraka huweza kufanya Facebook ikuzuie kukomenti kwa muda, ikidhani ni taka.

Walioweka alama ya mikono iliyokutanishwa au "R.I.P" tu, wawekee alama ya moyo. Wamekuja kimya, nao watakuelewa. Waliotuma rambirambi washukuru faraghani kwa simu au WhatsApp. Kiasi kisitajwe hadharani hata kidogo, kwa sababu aliyetuma kidogo naye anasoma.

Wengine watakuja baada ya wiki tano: "Nisamehe, nimechelewa kupata habari." Hawa wajibu siku hiyo hiyo. Mimi niliandika: "Hujachelewa, bibi. Hitima ya arobaini ni Jumapili ijayo, na tumekuwekea nafasi."