Kabla Hujabandika Ratiba ya Walinzi: Kagua Zamu za Masaa 12 na za Masaa 8

Zipo ratiba za walinzi hapa Tanzania zilizo hivi: Jumatatu hadi Ijumaa zamu tatu za masaa 8, wikendi zamu mbili za masaa 12. Kabla hujaibandika ukutani, chukua kalamu na upitie mambo haya, ukimkagua mlinzi mmoja mmoja. Usikague lindo kwa jumla.

Siku kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza mtu kufanya kazi zaidi ya masaa 12 kwa siku, na kati ya kutoka na kurudi lazima apate masaa 12 mfululizo ya kupumzika. Kwa hiyo aliyetoka Ijumaa saa 4 usiku usimpange Jumamosi saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa 8 tu, na daladala bado hujaihesabu.

Mapumziko ya chakula ni dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo. Mlinzi aliye peke yake getini hawezi kuondoka, kwa hiyo saa hiyo usiikate kwenye hesabu wala kwenye malipo.

Sasa wiki, na hapa ndipo watu wanapoumizwa. Masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, siku zisizidi 6, na kila wiki mtu apate masaa 24 mfululizo ya kupumzika. Niliwahi kuiona ratiba ya lindo la ghala moja lililokuwa na walinzi wanne. Wiki ina masaa 168. Ukigawa kwa wanne unapata 42. Msimamizi aliishia hapo, akaridhika. Lakini kila wiki, kwa kupokezana, mmoja alikuwa asubuhi masaa 40, mmoja jioni 40, mmoja wikendi mchana masaa 24 tu, na yule wa usiku alipewa usiku tano za masaa 8 pamoja na usiku zote mbili za wikendi. Huyo alifanya masaa 64. Ukimkagua kwa siku anapita: Jumamosi anatoka saa 12 asubuhi, anarudi saa 12 jioni, masaa 12 kamili. Ukimkagua kwa wastani wa wiki nne anapita pia. Ukimkagua kwa wiki, amefanya kazi usiku saba bila kupata masaa 24 ya kupumzika hata mara moja. Usiku wa Jumapili mmoja wao alikutwa amelala getini, akaandikiwa barua ya onyo. Aliyestahili kuulizwa ni mpanga ratiba.

Wastani hauokoi ratiba kama hiyo mpaka kuwe na mkataba wa hali bora unaoruhusu kuhesabu hivyo, nao pia una mipaka yake. Na hakuna wastani unaofuta siku ya mapumziko.

Dawa yake haikuhitaji mlinzi wa tano. Usiku wa Jumamosi ubaki kwa mlinzi wa usiku, naye wiki inayofuata aingie jioni, Jumatatu saa 8 mchana: anapumzika masaa 32. Usiku wa Jumapili apewe yule wa asubuhi, aliyetoka Ijumaa saa 8 mchana, na wiki inayofuata abaki na wikendi mchana tu. Wa wikendi mchana akimaliza Jumapili saa 12 jioni, aingie usiku Jumatatu saa 4. Wa jioni aende asubuhi. Hapo walio juu kabisa wana masaa 52 kwa siku 6. Saba ni ya ziada: yanahitaji makubaliano, yanalipwa mara moja na nusu, na jumla ya ziada isizidi masaa 50 kwa wiki nne. Zamu ya masaa 12 yenyewe ihesabie ziada kila saa inayopita 9, usisubiri wiki ifike 45.

Angalia makabidhiano pia. Zamu ya masaa 12 haina nafasi ya kupumua: mlinzi akibakizwa dakika 15 kukabidhi lindo, amevuka masaa 12 ya kazi na mapumziko yake yameshuka chini ya masaa 12 kwa mpigo mmoja. Kitabu cha matukio kijazwe kabla ya saa ya kutoka.

Siku tupu kwenye karatasi usiiamini. Zamu ya Jumamosi usiku inaandikwa chini ya Jumamosi, Jumapili inaonekana nyeupe, kumbe mtu alikuwa lindoni mpaka alfajiri. Hesabu tangu alipotoka mpaka atakaporudi.

Masaa ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, yana nyongeza ya asilimia 5. Walinzi wakibadilishana zamu wenyewe, au mmoja akiugua, rudia hesabu yote kwa wale walioguswa, pamoja na wiki inayofuata.